Ndizi Kijani ama Mbivu? Soma Hii Kabla Umpikie Mathe Mwenye Sukari

Kuna ile meseji huzunguka kwa grupu za familia: kama uko na sukari, ndizi mbivu ni sumu, we kula ndizi mbichi bila kuhesabu. Mathe wangu ako na sukari, na hiyo meseji ilimfikia. Jioni hiyo hiyo akanituma kwa mama mboga nibebe ndizi za kupika, akajipakulia sahani imejaa hadi juu. Masaa mawili baadaye alipojipima, mashine haikuwa na habari ya hiyo meseji. Sukari ilikuwa imepanda.

Si ati meseji ilikuwa uongo wote. Ilikuwa nusu ya ukweli, na ile nusu ingine ilikuwa ndani ya sufuria.

Anza na ndizi yenyewe. Ikiwa kijani kabisa, imejaa wanga uliofungwa kwa chembe ndogo, ngumu, zimebanana kama abiria wa matatu ya jioni. Ukiila hivyo mbichi, vimeng'enya vya tumbo vinabisha lakini havipati pa kuingilia. Wanga mwingi unapita utumbo mdogo bila kugeuka sukari, unafika utumbo mpana, na huko bakteria wanautafuna polepole. Huo ndio unaitwa wanga sugu.

Ndizi ikianza kuiva, inatoa gesi inaitwa ethilini. Hiyo gesi inaamsha vimeng'enya vya ndizi yenyewe, vinaanza kuvunja wanga kuwa sukari. Ndio maana ukifunga ndizi kwa karatasi zinaiva haraka: gesi haitoroki. Ndizi mbivu ya saizi ya kati ina kama gramu 27 za wanga, sukari na nyuzi ukijumlisha, na karibu gramu 14 kati ya hizo ni sukari. Kuiva hakukuongeza mzigo. Kumefungua tu ule uliokuwa umefungwa.

Unaweza kuona hii na macho yako. Unakumbuka kwa bayo mkitonesha ayodini kwa chakula kutafuta wanga? Kata ndizi ya kijani na ile ya madoadoa, tonesha ayodini ya vidonda kwa zote mbili. Ya kijani itageuka bluu nyeusi. Ya madoadoa itabaki na ile rangi ya kahawia ya dawa, juu wanga umeisha. Hivyo vipande tupa, usile.

Na kwa damu? Mwaka wa 1992, watafiti wa Denmaki walipea wagonjwa wachache wa sukari ya aina ya 2 mkate mweupe, ndizi ambazo hazijaiva vizuri, na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ukichukua mkate kuwa 100, ndizi changa ilipandisha sukari kwa 43, na ile imeiva sana 74. Tofauti ni kubwa, lakini ona pia: hata ile mbivu sana haikushinda mkate.

Sasa turudi kwa sufuria. Hakuna mtu anatafuna matoke mabichi. Ukichemsha, zile chembe zinanyonya maji moto, zinavimba na kupasuka. Ule mlango ulikuwa umefungwa sasa uko wazi, na wanga mwingi unasagika kama wa viazi. Ndizi bado ni ya kijani sokoni, lakini kwa sahani imeshapoteza sehemu kubwa ya kinga yake. Ukiiacha ipoe, sehemu kidogo ya wanga inajikaza tena na kuwa sugu. Inasaidia, lakini hairudi kama mwanzo.

Kwa hivyo kama mathe anapenda matoke, hesabu vipande kama vile ungehesabu viazi ama ugali, na ujaze ile nafasi imebaki na sukuma na maharagwe. Kama anataka ndizi ya kumenya, achague ndogo, ya njano yenye ncha bado kijani, aache ile ya madoadoa. Halafu ajipime kabla ya kula na masaa mawili baadaye, siku tofauti, ndio ajue mwili wake unasema nini. Dawa asipunguze bila daktari.

Na moja ya mwisho, hii usisahau. Mgonjwa akianza kutetemeka na kutoka jasho juu sukari imeshuka, usimkimbilie na ndizi ya kijani. Hapo huo wanga sugu ndio adui, unachelewa. Akiwa anaweza kumeza, mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwa maji, na umpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amezirai, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hosi.

Siku hizi mathe bado anakula matoke. Vipande vinne, na yeye ndiye huhesabu.