Heroe Aliyekufa Anaweza Kusimama kwa Mguu Mmoja

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, Young-Hui Chang wa chuo cha Georgia Tech na Lena Ting wa Chuo Kikuu cha Emory, walichapisha matokeo ambayo ukiyasikia mara ya kwanza utadhani ni mzaha. Walikuwa na mizoga ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi tunaowaona Nakuru, Bogoria na Natron, ambao wengi pia huwaita flamingo. Walishika sehemu ya chini ya mguu mmoja wa mzoga wakaisimamisha wima, na mwili ukatulia juu yake bila kushikiliwa na mtu. Wakauinamisha kidogo mbele, kisha kidogo nyuma. Haukuanguka. Lakini walipouweka mguu uleule kwa mkao wa ndege aliyesimama kwa miguu miwili, viungo vililegea na mwili ukashindwa kutulia.

Sisi wanadamu tukiona ndege kwa mguu mmoja tunamwonea huruma, kwa sababu tunapima kwa miili yetu. Mtu akisimama hivyo, baada ya dakika chache paja linatetemeka na kifundo kinayumba. Kwa heroe mambo ni kinyume. Mguu mmoja ndio mkao usiochosha, na kazi huanza anaposhusha wa pili.

Ili kuelewa hilo, itabidi kwanza tulijue goti la heroe liko wapi. Kile kiungo tunachokiona katikati ya mguu wake mrefu, kinachokunjika kuelekea nyuma, si goti. Hicho ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya karibu na tumbo, na mfupa wa paja umelala karibu sambamba na ardhi badala ya kushuka wima kama wetu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wa mwili iko mbele ya goti. Heroe anapoinua mguu mmoja, ule uliobaki huingia ndani kidogo mpaka unyayo ukawa chini ya katikati ya mwili. Hapo uzito hukandamiza nyonga na goti mpaka viungo hivyo vifike mahali ambapo haviendelei kusogea, vikajikaza kama kiti cha kukunja kinavyojikaza unapokikalia. Watafiti hao walipoipasua mizoga hawakukuta komeo la pekee la kufunga viungo. Uzito wa ndege mwenyewe ndio unaofanya kazi hiyo. Akisimama kwa miguu miwili nyayo huachana, uzito haushuki tena kwa mstari ule, na inambidi misuli iingilie kati.

Baada ya mizoga walikwenda kwa ndege hai. Katika bustani ya wanyama ya Atlanta waliwasimamisha heroe wachanga juu ya bamba linalopima jinsi uzito unavyohamahama chini ya unyayo. Ndege aliyekuwa macho, akigeuza kichwa na kujisafisha manyoya, aliyumba. Alipotulia na kusinzia, kuyumba kulipungua sana. Kwa mtu ni kinyume chake: usingizi ukimjia akiwa amesimama, huanza kuyumba.

Basi tumeshajua kwa nini mkao huo unawezekana. Bado hatujajibu kwa nini ndege aupende, na hapo ndipo bata anapoingia. Mguu wa bata ni mfupi na umbo lake ni tofauti kabisa na la heroe, lakini naye akipumzika mara nyingi huuficha mguu mmoja ndani ya manyoya ya tumbo. Wanachofanana hawa wawili ni kwamba miguu yao haina manyoya na hukaa majini kwa muda mrefu.

Joto la mwili wa bata ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, na manyoya yake yaliyopakwa mafuta hulihifadhi vizuri. Miguu mitupu ndiyo tundu ambalo joto hilo linaweza kutorokea. Maumbile yamekwisha kuweka kinga ya kwanza. Katika mguu, mishipa inayoshusha damu ya moto kutoka mwilini imepita bega kwa bega na ile inayopandisha damu baridi kutoka unyayoni. Joto huhama kutoka damu inayoshuka kwenda kwenye damu inayopanda, kwa hiyo damu inayofika chini imekwisha kupoa, na inayorudi moyoni imekwisha kupata joto. Ndiyo maana mallardi, yule bata mwitu ambaye ndiye babu wa bata wetu wengi wa kufugwa, anaweza kusimama juu ya barafu ya ziwa huko Ulaya bila kudhurika, unyayo wake ukiwa baridi kuliko mwili wake kwa mbali. Kinga ya pili ni ule mguu unaofichwa: akikunja mmoja, eneo linalopoteza joto hupungua kwa nusu. Akiona bado ni baridi, hulala kabisa na kuifunika yote miwili. Heroe aliye katikati ya maji hana nafasi ya kufanya hivyo.

Hoja ya joto ilipimwa kwa heroe pia. Matthew Anderson na Sarah Williams wa Chuo Kikuu cha Saint Joseph's waliwachunguza heroe wa Karibi katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Siku za joto, heroe waliosimama kwa mguu mmoja walikuwa wachache. Siku za baridi waliongezeka. Walio ndani ya maji walifanya hivyo zaidi ya walio nchi kavu, na hilo linaeleweka kwa kuwa maji hupora joto haraka kuliko hewa. Hawakuonekana kupendelea mguu wa kulia wala wa kushoto. Tena, waliopumzika kwa mguu mmoja walichelewa kuanza kutembea kuliko waliokuwa kwa miwili, jambo linaloidhoofisha dhana ya zamani kwamba mkao huo humsaidia ndege kumkimbia adui upesi.

Msomaji wa Arusha au Nakuru anaweza kuuliza: baridi gani hiyo kwetu? Ziwa Nakuru liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake si wa mchezo kwa kiumbe aliyezamisha miguu majini hadi alfajiri. Lakini swali hilo lina haki yake, kwani hata mchana wa jua utamkuta heroe kwa mguu mmoja. Mimi naona sababu hizo mbili hazigombani. Baridi humpa sababu ya kuficha mguu, na kwa jinsi mwili wake ulivyoumbwa, kuuficha hakumgharimu chochote, kwa hiyo haimlazimu kungoja baridi ili apumzike hivyo.

Kwa mfugaji wa bata liko jambo moja la kuangalia. Bata mzima hubadilisha miguu, na ukimwita kwenye chakula hushusha ule aliouficha na kuja akitembea sawasawa. Akiinua mguu uleule kila mara, akachechemea, au akabaki nyuma wenzake wakila, huyo hapumziki, anaumwa. Mshike umgeuze, utazame chini ya unyayo: uvimbe wenye joto au kidonda chenye kigaga cheusi ni dalili ya maambukizi, na anahitaji mganga wa mifugo.