Taarifa Imekwisha, Sasa Maswali

Kwenye mkutano mkuu wa SACCOS, mweka hazina anaweza kusoma taarifa ya mwaka bila kukwama hata mara moja, kisha akaangushwa na swali la kwanza. Akiwa anasoma, maandishi yako mbele yake na ukumbi unafuatilia kurasa. Akishafunga kabrasha, uwanja ni wa wanachama. Fedha ni zao, na wengi wametoka nyumbani na swali moja tu wanalotaka lijibiwe. Ni mpito wa dakika moja hivi, na viongozi wengi huuacha ujiendee wenyewe.

Tuchukue mfano wa chama ambacho hakipo, ila hesabu zake zinafanana na za vyama vingi. Mwaka jana kilikuwa na mikopo ya shilingi milioni 550 mikononi mwa wanachama, na milioni 22 kati ya hizo zilikuwa zimechelewa kurejeshwa, yaani asilimia 4. Mwaka huu mikopo imefika milioni 600 na iliyochelewa ni milioni 54, yaani asilimia 9. Ziada imeshuka kutoka milioni 52 hadi milioni 31. Bodi inapendekeza gawio la asilimia 7, wakati mwaka jana lilikuwa asilimia 12. Mwanachama mwenye hisa za shilingi 500,000 alipata 60,000 mwaka jana. Mwaka huu atapata 35,000.

Hapo swali gumu linajulikana hata kabla ya kadi za mwaliko kutoka: fedha yetu imekwenda wapi?

Mengine hayajitokezi waziwazi, lakini kuyatafuta si kazi ya kubahatisha. Mahali pa kwanza ni barua ya mkaguzi kwa uongozi, kwa sababu kila hoja ya mkaguzi ni swali ambalo mtu mwenye utaalamu ameshauliza. Mahali pa pili ni muhtasari wa mkutano uliopita. Ahadi iliyoandikwa humo na haijatekelezwa itaibuka kwenye yatokanayo, na isipoibuka huko itaibuka kwenye maswali. Pa tatu ni dirishani. Keshia anayewahudumia wanachama kila siku anajua manung'uniko ambayo bodi haijawahi kuyasikia, na ni busara kumketisha nusu saa na kumwomba aseme yote bila woga. Mwisho, pitia hesabu ukilinganisha safu ya mwaka huu na ya mwaka jana. Tarakimu yoyote iliyoruka sana juu au chini itaulizwa.

Kwa njia hiyo unaweza kupata maswali 20, lakini si yote yanayohitaji maandalizi sawa. Chagua matano ambayo yakikosa jibu mkutano utavunjika imani, na kila moja uliandikie kadi yake. Kadi iwe na sentensi ya jibu, tarakimu moja au mbili, ukurasa wa kabrasha ambako tarakimu hizo zinaonekana, na hatua iliyochukuliwa. Usijaze zaidi ya hapo, maana kadi ndefu humrudisha msemaji kwenye kusoma, na ukumbi ukiona anasoma jibu la swali ambalo limeulizwa sasa hivi unaanza kushuku.

Sentensi ya kwanza ndiyo inayobeba kila kitu. Mwanachama akiuliza kwa nini gawio limeshuka, wengi huanza na hali ngumu ya uchumi, wakapitia kupanda kwa bei, wakashukuru ushirikiano wa wanachama, na kufika kwenye sababu ukumbi ukiwa umeshaanza kuguna. Jibu la kadi lingesema hivi: "Gawio limeshuka kwa sababu ziada imepungua kwa milioni 21. Milioni 16 kati ya hizo ni tengo la mikopo ambayo huenda isilipwe. Milioni 3 ni ongezeko la kodi ya ofisi, na milioni 2 ni mfumo mpya wa kompyuta. Yote yako ukurasa wa 14." Kisha msemaji ananyamaza.

Hapo swali limejibiwa, lakini kazi haijaisha, maana jibu hilo linazaa swali jingine. Wanaofuatilia Bunge la Tanzania wanalijua jambo hili. Swali la msingi humfikia waziri mapema, na jibu lake husomwa kwenye karatasi. Mbunge akisimama tena na swali la nyongeza, ndipo huonekana kama waziri anaijua wizara yake au anaijua karatasi tu. Mweka hazina naye aandike, nyuma ya kila kadi, swali la nyongeza ambalo jibu lake litalizaa.

Katika mfano wetu, swali hilo ni hili: "Hizo milioni 16 mlizotenga ziko wapi? Zimewekwa akaunti gani?" Ni swali la haki kabisa. Mtu wa kawaida akisikia fedha imetengwa, anaona noti zimewekwa kando mahali fulani. Mweka hazina akijibu kwamba hilo ni suala la kihasibu, amewaambia watu wazima kwamba hawawezi kuelewa fedha zao wenyewe, na minong'ono ya wizi inaanza hapo hapo. Jibu la kweli ni rahisi: "Hazipo kwenye akaunti yoyote. Ziko mikononi mwa wakopaji. Tuliwakopesha, wamechelewa kulipa, na mkaguzi anatutaka tusigawane ziada kana kwamba fedha hiyo imesharudi. Wakilipa, tengo litapungua na ziada itaongezeka." Jibu hilo linachukua chini ya dakika moja. Limeandaliwa kwa ajili ya mama wa safu ya nyuma ambaye hajasoma uhasibu, ila anajua vizuri maana ya kumkopesha mtu asiyerudisha.

Swali la pili kwa ugumu huja kwa sauti ya chini zaidi: je, viongozi nao wamo kwenye hizo milioni 54? Tuseme wamo, na milioni 11 ni za viongozi watatu. Hapa hakuna ujanja unaofaa. Kukwepa ni kibaya kuliko tarakimu yenyewe, kwa sababu mara nyingi aliyeuliza anajua jibu. Kadi iseme: "Ndiyo. Kati ya milioni 54, milioni 11 ni za viongozi watatu. Wawili wameanza kulipa upya kwa ratiba, na wa tatu wadhamini wake wameshaandikiwa barua." Swali la nyongeza litakuwa ni akina nani, na hapo msemaji awe ameshasoma masharti ya chama kabla ya siku ya mkutano, ajue yanaruhusu nini kuhusu taarifa za mkopo wa mtu mmoja mmoja. Kama masharti yanalinda siri ya mkopaji, aseme hivyo na ataje kifungu, kisha aeleze kinachoweza kusemwa: nani aliipitisha mikopo hiyo, na kama mwombaji alitoka chumbani wakati ombi lake likijadiliwa. Kama hakutoka, hilo nalo lisemwe.

Sasa turudi kwenye ile dakika moja. Taarifa nyingi huishia kwa "naomba kuwasilisha", makofi yanapigwa, Mwenyekiti anauliza kama kuna maswali, na kimya kinatanda. Anayekivunja ndiye anayeamua hali ya hewa ya saa nzima inayofuata, na mara nyingi ni mwenye hasira kuliko wote. Mimi naona ni bora mweka hazina akivunje mwenyewe, kwa kulitaja swali gumu kuliko yote kabla halijaulizwa:

"Ndugu wanachama, kwa kifupi: ziada imeshuka kwa sababu mikopo iliyochelewa imeongezeka, na bodi inawaomba mridhie gawio la asilimia 7. Kabla sijarudisha kwa Mwenyekiti, liko swali ambalo wengi mmeniuliza dirishani, kama viongozi nao wanadaiwa. Naanza na hilo."

Akishalijibu, anaendelea: "Mheshimiwa Mwenyekiti, tuna nusu saa ya maswali. Naomba tuanze na gawio na mikopo. Makisio ya mwaka ujao na ukomo wa madeni yana ajenda zake, tutayafikia." Kwa maneno hayo ukumbi umejua hoja kuu ni ipi, muda uliopo na mipaka ya mjadala. Lakini swali analojitajia liwe moja tu, na liwe gumu kweli. Akijiuliza lile jepesi, kila mtu atatambua kwamba anakwepa. Akijiuliza matano, amewanyang'anya wanachama zamu yao.

Mwenyekiti naye ana sehemu yake. Desturi yetu ni kuchukua maswali matatu matatu, halafu meza kuu ijibu kwa pamoja. Inaokoa muda, ila ina mwanya wake: msemaji hujibu lile jepesi kwa kirefu, la pili kwa kifupi, na la tatu akalisahau. Mzee aliyeuliza la tatu anabaki amesimama, kabrasha mkononi limekunjwa kwenye ukurasa anaouzungumzia. Dawa ni kuandika kila swali pamoja na jina la muulizaji, kuanza na gumu, na kuuliza mwishoni: "Mzee wangu, nimekujibu?" Akisema bado, apewe nafasi moja ya nyongeza kabla ya kupita kwa mwingine. Mkutano wenye ghadhabu huonekana kwa "naomba mwongozo, Mwenyekiti" zinazofuatana, na mara nyingi chanzo chake ni swali lililorukwa dakika kumi zilizopita.

Muda nao unaua mikutano. Kabrasha likisomwa ukurasa kwa ukurasa, taarifa inakula saa nzima, chakula kinafika, na maswali yanapewa dakika kumi. Wanachama huona wamefungwa midomo hata kama hakuna aliyekusudia hivyo. Ajenda hii ikiwa na saa moja, taarifa ichukue dakika 25, maswali 30, na 5 za mwisho zibaki kwa mweka hazina. Hilo linawezekana tu kama kabrasha limewafikia wanachama siku kadhaa kabla, ili ukumbini azungumzie yale yaliyobadilika tu.

Litakuwapo pia swali ambalo halina kadi. Mtu atauliza gharama ya kutengeneza pikipiki ya ofisi mwezi wa tatu, na hakuna anayeikumbuka. Kubuni tarakimu mbele ya watu mia tatu ni hatari, kwa sababu itaandikwa kwenye muhtasari na mwakani itasomwa. Aseme hana tarakimu hiyo hapa, ataje ni nani atakayeitafuta, na jibu litabandikwa ubaoni ofisini tarehe gani. Katibu aandike yote matatu.

Zile dakika tano za mwisho si za kushukuru. Swali la mwisho huenda lilikuwa la choo cha ofisi, na wanachama wasiende kupiga kura ya gawio vichwa vyao vikiwa huko. Mweka hazina asimame tena, arudie hoja kwa sentensi mbili, asome orodha ya maswali yaliyobaki na tarehe zake za kujibiwa, kisha amrudishie Mwenyekiti aite kura.