Machozi Yanayosubiri Ushindi

Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 2012, mjini Libreville, Gabon, ilimalizika bila bao hata baada ya muda wa nyongeza. Zambia na Kodivaa zikaingia kwenye penalti. Wachezaji wa Zambia walipiga magoti, wakashikana, wakaimba huku wenzao wakipiga mmoja baada ya mwingine. Stoppila Sunzu alipofunga na matokeo kuwa 8-7, wanaume wazima waliangua kilio.

Kilio hicho kilikuwa na historia. Aprili 1993, ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville. Watu wote 30 walikufa, 18 kati yao wakiwa wachezaji. Kalusha Bwalya alisalimika kwa sababu alikuwa akicheza soka Uholanzi na angesafiri peke yake. Mwaka 2012 ndiye aliyekuwa rais wa chama cha soka cha Zambia, na kabla ya fainali kikosi kilikwenda ufukweni kuweka maua.

Tezi ya machozi, iliyo juu ya jicho upande wa nje, haijui furaha wala huzuni. Inapokea amri kutoka kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu, hasa ile inayohusika na kuutuliza mwili. Mwaka 1979 wanasaikolojia Jay Efran na Timothy Spangler walieleza kwamba mtu mzima hulia kwa hatua mbili: kwanza mwili unakaza kwa wasiwasi, kisha kinachomkaza kinaondoka ghafla. Machozi huja katika hatua ya pili, pale mwili unapolegea.

Ndiyo maana mama wa bibi harusi anaweza kushughulika na wageni, sare na vyakula kwa wiki nzima macho makavu, halafu akabubujikwa na machozi mara tu ndoa inapofungwa. Hofu ya kwamba jambo litaharibika imekwisha. Lakini pia binti anaondoka nyumbani, na kuyatenga mawili hayo si rahisi hata kwa mama mwenyewe.

Mwaka 2015 Oriana Aragón, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wanaoonyesha hisia kinyume na wanavyojisikia. Waliona dalili kwamba wanaolia kwa furaha hurudi katika hali ya kawaida upesi zaidi. Dalili hiyo bado haithibitishi kwamba machozi ndiyo yanayowatuliza. Huenda watu hao hutulia upesi kwa sababu nyingine.

Maelezo ya Efran na Spangler yanaweza kupimwa na yeyote anayetazama mpira. Timu inayoongoza mabao matano tangu kipindi cha kwanza hucheka na kucheza ngoma filimbi ya mwisho ikilia. Wanaotoa machozi mara nyingi ni wale waliokaribia kushindwa.