TVA: nani analipa kweli?

Mama mmoja wa Kadutu, Bukavu, ananunua sabuni kwenye butiki ya kando ya njia. Hapewi fakture, hakuna anayemtajia kodi. Lakini amekwisha kulipa TVA.

TVA ilianza nchini Kongo tarehe 1 Januari 2012, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Mfanyabiashara ndiye anayeipeleka DGI, lakini haitoki mfukoni mwake. Tuchukue depo moja. Imenunua katoni za bidhaa zinazotozwa kiwango cha kawaida kwa franka 100,000, ikaongeza TVA ya 16,000. Inaziuza kwa 120,000, na mnunuzi anaongeza TVA ya 19,200. Depo inatoa zile 16,000 ilizolipa, inapeleka serikalini 3,200 tu. Kila mmoja kwenye mnyororo anafanya vile, mpaka bidhaa inamfikia mtu asiye na wa kumrudishia: mnunuzi wa mwisho.

Butiki ndogo mara nyingi haijaandikishwa kwa TVA. Haiwezi kutoa kodi iliyolipa kwa depo, basi inaificha ndani ya bei. Ndiyo maana yule mama hakuiona.

Sasa tuangalie nyumba mbili, kwa mfano tu.

Nyumba ya kwanza inapata franka 400,000 kwa mwezi, na zote zinaisha. Franka 232,000 zinaenda kwenye unite za simu na vingine vyenye TVA ya asilimia 16. Ukitaka kujua kodi iliyo ndani, usipige asilimia 16 ya 232,000. Gawanya kwa 116, kisha zidisha kwa 16: ni franka 32,000. Hiyo ni asilimia 8 ya mapato yao. Pesa zingine ni za kodi ya nyumba, masomo ya watoto, na sombe na mihogo ya wakulima sokoni, ambako TVA haitozwi.

Nyumba ya pili inapata 2,000,000. Inatumia 580,000 kwa vitu vyenye TVA hiyohiyo. Ndani yake kuna kodi ya 80,000. Zingine inaweka akiba ao inanunua kiwanja kwa jirani.

Tajiri ametoa franka nyingi kuliko maskini, ni kweli. Lakini kwake ni asilimia 4 tu ya mapato, nusu ya mzigo wa maskini. Kodi ya namna hii haiulizi mtu anapata ngapi. Inaangalia tu anachonunua. Anayekula mapato yake yote inamgusa zaidi.

Kuna watu wanaosema: akiba ya tajiri nayo itatumika siku moja, na itakatwa. Inawezekana. Lakini maskini amelipa mwezi huu, na mwezi ujao atalipa tena.

Kuondoa TVA kwenye chakula cha lazima kunapunguza mzigo huo, ikiwa tu bei inashuka kweli. Mfanyabiashara akibakiza bei ileile, aliyesamehewa ni yeye, si mama wa Kadutu.