Fundi Amemaliza Kupiga Windows, Wewe Ndiyo Unaanza

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wana kazi nyingi ya kupiga Windows 11. Mashine nyingi wanazoletewa ni laptopu zilizotumika, zile zilizotolewa maofisini na kuuzwa upya. Hapa tuchukue moja inayopatikana sana, HP EliteBook 840 G5 yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, imetoka kwa fundi ikiwa na Windows 11 mpya. Inawaka vizuri na kioo kinang'aa, na mwenyewe anataka kuweka WhatsApp na Word leo leo.

Asubiri kidogo. Kuna mambo matano ya kufanya kwanza, na la mwisho kati yake ni kutengeneza pointi ya kurejesha, yaani alama ambayo Windows inaweza kurudi kwayo siku mambo yakiharibika. Alama hiyo huhifadhi hali ya mfumo kama ilivyo wakati huo. Ukiiweka wakati draiva hazijakamilika na masasisho hayajaingia, siku ya matatizo utarudishwa kwenye mashine yenye draiva pungufu na masasisho pungufu. Ndiyo maana mpangilio wa kazi hizi una uzito kuliko kazi yoyote moja kati yake.

Tuanze na masasisho. Flashi ya fundi huwa na Windows iliyotengenezwa miezi kadhaa iliyopita, na mashimo yote ya usalama yaliyogunduliwa tangu hapo bado yako wazi. Fungua Settings, ingia Windows Update, bonyeza Check for updates. Sasisho kubwa la mwezi hubeba ndani yake yale ya miezi iliyopita, kwa hiyo huhitaji kuyafuata moja moja, lakini usishangae likivuka GB 1. Kama unatumia bando la simu, ingia kwenye mipangilio ya hiyo Wi-Fi uangalie swichi ya Metered connection. Ikiwa imewashwa, Windows hujibana na masasisho mengi hayashuki yenyewe. Siku hii ya kwanza ni afadhali kuizima na kununua bando la kutosha. Ukimaliza waweza kuiwasha tena, mradi ukumbuke kubonyeza mwenyewe kila mwezi.

Watu wengi wanakosea kwenye duru ya pili. Mashine ikishajizima na kuwaka, wanadhani kazi imekwisha. Rudi pale pale, bonyeza tena. Kuna masasisho yasiyojitokeza mpaka mengine yameshaingia. Endelea mpaka isome You're up to date mara tu baada ya kuwasha upya, na hapo ndipo uhamie kwenye draiva.

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa kimoja: kadi ya Wi-Fi, sauti, kioo, kisoma alama za vidole. Siku hizi Windows Update huleta nyingi zenyewe, na baadhi hujificha chini ya Advanced options, kwenye Optional updates. Zikishashuka hizo, bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Device Manager, utafute pembetatu ya njano. Isipokuwepo, kagua jambo moja tu: chini ya Display adapters pasiwe pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Jina hilo maana yake Windows inatumia draiva ya dharura ya kioo. Utaitambua hata bila kufungua Device Manager, kwa sababu mwanga wa kioo hugoma kupungua na video hukwamakwama.

Pembetatu ikiwepo, usikisie. Tuseme EliteBook yetu inaonyesha SM Bus Controller yenye alama ya njano. Ifungue, na kwenye kichupo cha General utasoma Code 28, maana yake draiva haijawekwa kabisa. Nenda kichupo cha Details, chagua Hardware Ids, na utaona mstari wa namna hii:

```
PCI\VEN_8086&DEV_9D23
```

Namba inayofuata VEN ni ya mtengenezaji. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Kwa hiyo kinachokosekana hapa ni draiva ya chipuseti ya Intel. Chukua namba ya mashine iliyobandikwa chini ya laptopu, iandike kwenye tovuti ya msaada ya HP, upakue faili la chipuseti. Mafaili ya HP huanza na herufi sp zikifuatwa na tarakimu. Lifungue, washa upya, pembetatu imeondoka. Programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mpigo mmoja ziache. Nyingi huja na matangazo na vitu usivyoviomba, na zikikosea draiva ya kioo utabaki unatazama giza.

Na kama Wi-Fi yenyewe ndiyo haina draiva? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering kwenye mipangilio ya simu. Windows huiona simu kama kadi ya mtandao bila kuhitaji chochote cha ziada, na kwa njia hiyo utapakua draiva ya Wi-Fi.

Fayawoli kwa kawaida huwa imeshawaka, kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha tu. Haikuwa hivyo zamani. Tarehe 11 Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilianza kuingia kwenye kompyuta za Windows XP na 2000 kupitia mtandao, bila mwenyewe kubofya kitu. Dawa ilikuwa imeshatolewa Julai ya mwaka huo, ila mashine iliyowekewa Windows upya iliweza kuambukizwa ikiwa bado inaipakua. Mwaka uliofuata Microsoft ikatoa Service Pack 2 ya XP, na fayawoli ikawa inawaka yenyewe. Kuihakikisha, fungua PowerShell uandike:

```
Get-NetFirewallProfile | Select-Object Name, Enabled
```

Yatatoka majina matatu, Domain, Private na Public, na yote yasome True. Ukiona False, kuna mtu ameizima. Hapo ndipo penye jambo ambalo mafundi hawalisemi: programu za kuvunja leseni ya Windows au ya Office mara nyingi hutaka ulinzi uzimwe kwanza ili zifanye kazi, na ulinzi hausimamishwi tena. Ingia Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, ushuke mpaka Exclusions. Orodha iwe tupu. Ukikuta folda usiyoijua, au mbaya zaidi C:\ nzima, basi Defender imeagizwa isitazame humo. Mashine ya namna hiyo binafsi nisingeihangaikia, ningeirudisha ikapigwe upya kwa flashi iliyotengenezwa kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe.

Kuhusu Private na Public, kanuni ni fupi. Public huificha kompyuta yako kwa mashine nyingine zilizo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, na Windows 11 huichagua yenyewe kwa kila mtandao mpya. Iache hivyo hosteli, hotelini, kwenye mgahawa. Private iweke nyumbani tu, na hata huko ikiwa una printa au mafaili ya kushirikiana.

Sasa akaunti. Akaunti ya kwanza kutengenezwa siku ya kuweka Windows huwa na mamlaka yote, na watu wengi huitumia hiyo hiyo miaka yote. Ubaya wake ni kwamba programu yoyote mbovu utakayoifungua inahitaji mbofyo mmoja tu wa Yes ili iguse mfumo mzima. Ukiwa na akaunti ya kawaida, Windows itadai nenosiri la msimamizi kabla ya kugusa mfumo. Mtoto aliyepakua gemu atakwama hapo, na wewe mwenyewe utapata nafasi ya kujiuliza.

Mpangilio hapa usibadilishwe. Kwanza tengeneza akaunti mpya kupitia Settings, Accounts, Other users, uipe nenosiri, kisha kwenye Change account type uifanye Administrator. Ingia nayo mara moja uhakikishe inafunguka. Baada ya hapo, ukiwa ndani yake, ishushe ile akaunti yako ya kila siku iwe Standard User. Halafu kagua nani ana mamlaka:

```
net localgroup Administrators
```

Utaona akaunti uliyotengeneza pamoja na jina Administrator, ambalo ni la Windows yenyewe na kwa kawaida limezimwa. Likiwemo jina la tatu, kama User au Admin aliloacha fundi, liondoe kabla hujaendelea.

Sasa mfumo uko kamili, uweke alama. Usidhani Windows imeshakufanyia, maana kwenye mashine nyingi ulinzi huu huja umezimwa. Tafuta Create a restore point kwenye Start, chagua C:, bonyeza Configure, kisha Turn on system protection. Kwenye Max Usage sogeza mpaka asilimia 5, ambayo kwa SSD yetu ni kama GB 12. Rudi nyuma, bonyeza Create, uipe jina linaloeleweka, mfano Safi, draiva zote.

Pointi hii hurudisha rejista, mafaili ya mfumo, draiva na programu. Picha zako na nyaraka haizigusi, kwa hiyo barua uliyoifuta kwa bahati mbaya haitarudi kwa njia hii. Inakaa kwenye diski ile ile, diski ikifa nayo imekufa. Wala haidumu: nafasi ikijaa za zamani hufutwa, na Windows 11 toleo 24H2 huzitunza hadi siku 60 tu. Iongeze nyingine kila unapotaka kuweka programu kubwa au draiva mpya ya kioo.

Ijaribu bila kuitumia. Andika rstrui kwenye Start, chagua pointi yako, bonyeza Scan for affected programs. Itakuonyesha programu na draiva zitakazoondoka ukirudi hapo. Leo orodha iwe karibu tupu. Bonyeza Cancel utoke.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo huwakwamisha watu usiku wa matatizo. Windows ikigoma kuwaka, utafika kwenye kioo cha bluu cha matengenezo, na ukichagua System Restore inaweza kukuomba ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft kwenye 24H2 iliyowekwa upya, diski inaweza kuwa imefungwa kimyakimya. Fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Ikitoa mstari wa tarakimu 48, uandike kwenye karatasi na uiweke mbali na begi la laptopu. Sasisho la BIOS, ambalo tangu mwanzo sikulitaja, lisubiri mpaka karatasi hiyo ipo, kwa kuwa nalo linaweza kuamsha swali lile lile. Ukilifanya, chaji iwe imechomekwa na betri ina moto wa kutosha. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, mahali ambapo umeme hukatika, iache na BIOS yake ya zamani.