Mteja anapodai fedha zake kupitia benki: siku sita za kampuni moja ya utalii Arusha

MFANYABIASHARA anayepokea malipo kwa kadi huamini kuwa fedha zikishaingia katika akaunti yake biashara imekwisha. Sivyo. Mteja asiyeridhika na huduma anaweza kwenda kwenye benki yake na kuomba malipo yabatilishwe, na mwenye biashara akashtukia fedha zimekatwa kabla hajaulizwa neno. Mabenki huita jambo hili chajibaki.

Hilo ndilo lililoikuta kampuni moja ndogo ya utalii ya Arusha mwaka 2024. Wateja wawili kutoka Ulaya walilipa dola 4,200 kwa kadi ya Viza mwezi Juni, wakasafiri kuanzia Agosti 3 hadi 8 katika hifadhi za Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, kisha wakarejea kwao bila kulalamika. Oktoba 21 benki ya kampuni ilituma barua pepe kwamba dola zote 4,200 zimekatwa, kwa sababu huduma haikulingana na ilivyoelezwa.

Barua hiyo ilikwenda kwenye anwani ya mhasibu aliyekwishaacha kazi. Mkurugenzi wa kampuni aliiona Oktoba 25, na benki ilikuwa imetaka vielelezo viifikie Oktoba 31. Zilibaki siku sita.

Saa huanza kugonga mapema

Kwa utaratibu ulioanza mwaka 2018, Viza huipa benki ya mfanyabiashara siku 30 za kujibu dai la aina hii. Siku hizo huhesabiwa tangu dai lilipoingia kwenye mtandao wa Viza. Tarehe ambayo mwenye duka alifungua barua haihesabiki. Katika shauri hili dai liliingia Oktoba 16, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa Novemba 15. Lakini benki nayo inahitaji muda wa kukagua karatasi na kuzipeleka, ndiyo maana humpa mteja wake siku chache zaidi. Ukipita muda huo, dai huhesabiwa kuwa limekubaliwa hata kama haki ilikuwa upande wa mfanyabiashara.

Mteja kwa upande wake ana muda mrefu. Kwa huduma inayodaiwa kuwa pungufu anaweza kulalamika hadi siku 120 tangu alipoipata. Kwa hiyo kampuni inayotupa makaratasi ya safari mara wageni wanapopanda ndege inajitafutia hasara.

Kujibu lililoulizwa

Jambo la kwanza alilofikiria mhasibu mpya wa kampuni lilikuwa kutuma uthibitisho kwamba kadi ilikuwa halali na mwenyewe aliidhinisha malipo. Hili ndilo kosa la wengi. Uthibitisho huo hufaa pale mwenye kadi anapodai kuwa imeibwa. Wageni hawa hawakukana kulipa. Walichosema ni kwamba walichopewa sicho walichouziwa, na jibu la hoja hiyo ni kuweka ahadi upande mmoja na huduma upande wa pili.

Ofisa wa benki aliwashauri waombe maelezo kamili ya mlalamikaji, badala ya kutegemea namba ya sababu iliyoandikwa kwenye barua. Maelezo yalipofika yalikuwa na mambo matatu: loji ya Serengeti ilibadilishwa, kreta ya Ngorongoro ilitembelewa nusu siku tu, na gari liliharibika Tarangire.

Hoja ya loji ilijibiwa kwa barua pepe mbili. Juni 29 kampuni iliwaarifu wageni kuwa loji imejaa, ikawapa nafasi mbili za kuchagua. Juni 30 wageni walijibu wakachagua kambi ya mahema. Tofauti ya bei, dola 180, ilirudishwa kwenye kadi ileile Julai 2, na risiti ya marejesho ilikuwapo. Hapo ndipo ilipogundulika kuwa wageni walikuwa wanadai hata zile 180 ambazo walikwishapewa.

Kuhusu kreta, ratiba iliyotiwa saini na wageni ilisema wazi kuwa matembezi ni kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 6:30 mchana. Kibali cha kuingia kilionyesha wameingia saa 1:10 na kutoka saa 6:40. Nusu siku ndiyo waliyouziwa, na nusu siku ndiyo waliyoipata.

Hoja ya gari ilikuwa ya kweli. Daftari la dereva lilionyesha kuwa gari lilisimama saa 9 alasiri na gari jingine lilifika saa 12 jioni, wakati wa kutazama wanyama umekwisha. Baadhi ya wafanyakazi walitaka suala hilo lisiguswe. Mkurugenzi aliamua likubaliwe, akakadiria jioni hiyo kuwa dola 150. Hivyo kampuni ilipinga dola 3,870 tu, yaani 4,200 ukiondoa 180 zilizokwisha rudishwa na 150 zilizokubaliwa.

Uamuzi huo ulikuwa na maana ya kibiashara. Anayesoma faili yuko mbali na hajui Tarangire. Akiona kampuni inakana jambo ambalo daftari lake yenyewe linalithibitisha, hatakuwa na sababu ya kuiamini kwenye mengine.

Faili lenyewe

Kilichopelekwa benki Oktoba 31 asubuhi kilikuwa faili moja la kurasa 14. Ukurasa wa kwanza ulikuwa barua fupi yenye hoja tatu, na kila hoja ikitaja namba ya kielelezo chake. Daftari la dereva, lililoandikwa kwa Kiswahili, liliambatanishwa na tafsiri ya Kiingereza, kwani karatasi ambayo benki ya mteja haiwezi kuisoma haisaidii kitu. Meseji za simu zilipigwa picha zikionyesha jina, namba na tarehe. Namba ya kadi ilifichwa, ikabaki tarakimu nne za mwisho.

Aidha, kampuni ilieleza kuwa haikupata malalamiko yoyote kabla ya dai. Kwa madai ya aina hii mwenye kadi anatakiwa awe amejaribu kwanza kuafikiana na muuzaji.

Jambo moja kampuni ilikatazwa na benki: kuwarudishia wageni fedha kwa njia nyingine wakati shauri linaendelea. Anayefanya hivyo anaweza kulipa mara mbili.

Matokeo

Dola 3,870 zilirudi kwenye akaunti mwezi Novemba, lakini benki ilizizuia kwanza. Benki ya mteja bado ilikuwa na siku 30 za kukataa jibu hilo. Ingekataa na pande zote zikashikilia msimamo, shauri lingefika kwa Viza yenyewe kwa uamuzi, na anayeshindwa huko hubeba ada za mamia ya dola. Haikukataa, na Desemba fedha zikaachiwa. Ada ambayo benki ilitoza kwa kushughulikia dai haikurudi.

Bila zile barua mbili za Juni mambo yangekuwa mengine. Wakala mwingine wa mji huohuo, aliyebadilisha loji kwa makubaliano ya simu tu, alishindwa dai linalofanana na hilo kwa kuwa hakuwa na maandishi. Hivi sasa kampuni ya kwanza haibadilishi chochote katika ratiba mpaka mgeni ajibu kwa maandishi, na barua za benki huenda kwenye anwani inayosomwa na watu wawili.