Umehama, Lakini Jina Lako Bado Liko Kwenye Mkataba

Tuseme Rehema na Zuhura wamepanga nyumba Sinza, Dar es Salaam, kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mkataba ni wa mwaka mmoja, kodi hulipwa kwa miezi sita, na wote wawili wametia saini. Miezi sita ya kwanza inapoisha, Rehema anapata kazi Dodoma. Anampigia simu mwenye nyumba kuaga, anajibiwa, "Sawa, safari njema," kisha anamkabidhi Zuhura funguo zake. Kodi ya awamu ya pili, shilingi 2,400,000, inamshinda Zuhura. Mwenye nyumba anamfuata Rehema na kumdai zote.

Wengi wangesema anaonewa, maana hajalala humo hata usiku mmoja. Lakini Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema watu walioahidi jambo kwa pamoja, kila mmoja anaweza kudaiwa lote, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Rehema akilipa, ana haki ya kumdai Zuhura fungu lake. Ile "sawa" ya kwenye simu ilikuwa ya kumtakia safari. Haikusema kwamba amefutiwa wajibu.

Alichohitaji ni barua, tena kabla deni halijazaliwa. Barua hiyo itaje nyumba na tarehe ya mkataba, ioneshe kuwa kodi imelipwa hadi siku fulani, ieleze amana yake ni ya nani sasa, kisha iseme wazi: "Kuanzia tarehe hii, Rehema hatadaiwa kodi wala gharama yoyote itakayotokea baadaye chini ya mkataba huu." Mwenye nyumba atie saini.

Hapo ndipo wengi huishia, na ni mapema mno. Kwa sheria hiyohiyo, mwenye nyumba akimwachilia mpangaji mmoja, mwenzake bado anadaiwa, na aliyeachiliwa bado anawajibika kwa huyo mwenzake. Maana yake Zuhura akilipa zile 2,400,000 peke yake, anaweza kumgeukia Rehema amrudishie 1,200,000. Kwa hiyo Zuhura naye atie saini, akikubali kubeba kodi yote. Kama amepatikana mpangaji wa kushika nafasi ya Rehema, njia safi zaidi ni kufuta mkataba wa zamani na kuandika mpya wenye majina ya wanaobaki.

Mwenye nyumba halazimiki kukubali, na kusema kweli ana sababu: anapoteza mtu wa kumdai. Mpelekee mpangaji mwingine anayelipika, atakusikiliza kwa urahisi zaidi. Akikataa kabisa, andikianeni na mwenzako kwamba atakurudishia chochote utakacholipishwa. Karatasi hiyo haimzuii mwenye nyumba kukudai, ila inakupa pa kudai. Na mwaka ukikaribia kwisha, mwandikie mwenye nyumba kwamba huendelei, na usitie saini mkataba wowote mpya wa nyumba hiyo.